Namna jina la mtoto litakavyosomeka kwenye cheti cha Kidato cha Nne: barua ya msajili kwa wazazi

Ndugu wazazi na walezi,

Jina linalochapwa kwenye cheti cha NECTA ni lile lililosajiliwa, herufi kwa herufi, hata kama nyumbani mtoto anaitwa vingine. Jina hilo mara nyingi halikuanzia kwetu: limeandikwa shule ya msingi, nalo limemfuata mtoto kwa namba yake ya PReM hadi Upimaji wa Kidato cha Pili.

Hatua ya kwanza ni kuweka mezani cheti cha kuzaliwa cha RITA pamoja na nakala ya orodha ya usajili niliyompa mtoto. Yasomeni majina yote matatu kwa sauti, kisha linganisheni herufi moja moja, kwa sababu jicho hulisahihisha jina linalolizoea bila mwenyewe kujua.

Tuseme cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani Ramadhani Saidi, na orodha inasema Othman Ramadhan Said. Kwa babu ni mjukuu yuleyule. Kwa anayekagua nyaraka ni majina matatu tofauti, na kijana ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja, aghalabu wakati anapoomba mkopo wa elimu ya juu na muda unamwishia. Angalieni pia mpangilio, kwani jina la babu likitangulia la baba, hilo nalo ni kosa.

Mkiona tofauti, msiisahihishe kwa kalamu juu ya orodha. Nileteeni nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua fupi yenye sahihi ya mzazi, ili mkuu wa shule apeleke maombi kabla usajili haujafungwa. Kama hakuna tofauti, tieni sahihi na kuirudisha.

MASWALI YA WAZAZI

Mwalimu, cheti cha kuzaliwa ndicho chenye kosa. Mimi ni Saidi, wao wameandika Saada. Nifanyeje?

Anzia RITA, mzazi wangu, kwa sababu siwezi kuomba jina lisilolingana na hati unayoniletea. Nenda na kitambulisho chako, na unijulishe mapema ili nijue suala lako liko njiani.

Je, kiapo cha mahakamani hakitoshi?

Kiapo hueleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, hakibadilishi kilichochapwa. Ofisi nyingine hukipokea, nyingine hudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Mwanangu anataka kutumia jina la ukoo badala ya la babu. Inawezekana?

Hilo si kosa la tahajia, ni jina jipya. Kwa mtihani huu atabaki na majina aliyokuja nayo, ili cheti chake kifanane na rekodi za darasa la saba.