Jinsi ya kutambua presha kuka kwa picha na kupata raba ya mfuniko inayoingia sawasawa

Mimi ni fundi hapa Katwe, Kampala, na karibu kila siku naletewa picha ya presha kuka kwa wasap halafu swali linakuwa moja tu, "fundi hii ina raba?" Picha ya sufuria imekaa juu ya sigiri haiwezi kunijibu hilo, kwa hiyo nitawaonyesha picha ya kupiga na namna ya kuisoma, nikitumia kazi ya mama mmoja wa Arua anayepikia watu maharage.

Kwanza angalia mfuniko unaingiaje. Kama mfuniko unazamishwa ndani ya sufuria halafu unavutwa juu ukabane kwa ndani, hiyo ni aina ya Hawkins, na raba yake inavalishwa kwenye ukingo wa mfuniko. Kama mfuniko unafunika mdomo kwa nje na unauzungusha mpaka mikono miwili ikutane, hiyo ni kama zile Prestige nyingi za kizamani, raba inakaa ndani ya mfuniko. Raba za aina hizi mbili haziingiliani hata vipimo vikifanana. Ya mama ilikuwa ya kufunika kwa nje.

Halafu geuza sufuria upige picha ya kitako, na nyingine ya karibu ya mkono, maana jina na lita mara nyingi vimegongwa huko. Kama pamefutika, ingiza picha ya mfuniko kwenye Google Lens, lakini ikate ibaki mkono na vali tu, maana ukiiacha sufuria nzima inakuletea kila sufuria ya alumini iliyoko duniani. Lens itakusaidia kujua kampuni, saizi usiiamini kabisa, sufuria ya lita 5 na ya lita 7 na nusu kwenye picha zinaweza kufanana kama mapacha.

Na lita zenyewe zinadanganya watu! Raba inafuata upana wa mfuniko, haifuati urefu wa sufuria, kwa hiyo sufuria mbili zenye mdomo sawa zinavaa raba moja hata kama moja ni ndefu zaidi. Nilishawahi kutuma raba kwa kusikiliza lita tu, ikarudi na basi lile lile.

Sasa kipimo. Nilimwambia mama atoe raba ya zamani ailaze juu ya karatasi ya A4, asimame apige kutoka juu kabisa, simu isiinamie upande. A4 ina urefu wa milimita 297, hiyo ndiyo rula yetu. Kwenye skrini yangu urefu wa karatasi ulikuwa sentimita 13.1 na raba kutoka ukingo wa nje mpaka wa nje sentimita 10, sasa 297 mara 10 gawa kwa 13.1 unapata kama milimita 227. Usiweke mfuniko wenyewe juu ya karatasi, ukingo wake uko juu karibu na simu kwa hiyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Ila raba iliyopikiwa muda mrefu inanyonya mafuta inavimba na kulegea, ndio maana kipimo chake peke yake hakitoshi. Nikamwomba akate ukanda wa karatasi, aukandamize kwenye ukuta wa ndani wa mfuniko pale raba inapokaa, uzunguke mpaka ukutane, aweke alama, aunyooshe apime. Akapata sentimita 69. Gawa kwa 3.14, ni milimita 220. Kumbe raba yake ilikuwa imetanuka milimita 7, ningefuata picha tu ningemtumia kubwa. Nikatafuta ya 220, unene sawa na ile ya zamani, na kampuni ile ile.

Ikifika ivalishe kwa mkono. Ikifanya mawimbi ni kubwa, irudishe, na tafadhali sana usiikate ukaunga kwa gundi, pale kwenye kiungo ndipo mvuke utatokea na utamchoma mtu. Mikono ikigoma kukutana ni nene mno. Ikikaa vizuri, jaribu na maji vikombe viwili bila chakula: mvuke kidogo pembeni mwanzoni ni kawaida, lakini ukiendelea kutoka ukingoni na filimbi hailii, raba ni ndogo au nyembamba, epua.

Na kama mfuniko una kidirisha kwenye ukingo, usikizibe. Tundu la mvuke likiziba raba inasukumwa ipenye hapo itoe presha, kwa hiyo raba ngumu ya kubahatisha inakuondolea hiyo kinga. Mama alijaribu na maji, filimbi ikalia, ukingo mkavu, ndipo nikamwambia aweke maharage.