Kubana eneo sahihi kwa trapeza chache: Richardson hatua kwa hatua (na tenki la mafuta lililonilaza macho)

Wiki iliyopita dogo mmoja anayesoma uhandisi alinitumia picha ya daftari lake, amekata eneo chini ya mchoro vipande 64 kwa mkono, namba zimejaa kurasa mbili, halafu ananiuliza "kaka, nikienda 128 si ndo itakuwa sahihi zaidi?" Itakuwa, ndio, ila utazeeka. Nilimwambia arudi kwenye vipande 4 tu, na haya ndo niliyomwelekeza, nimeyaandika hapa ili nisirudie kila siku kwenye voisi.

Nachukulia trapeza unazijua, kwamba unakata eneo vipande vyenye upana sawa, unaunganisha vilele kwa mstari ulionyooka na kujumlisha. Hiyo siielezi.

Hatua ya 1: Anza na kipande kimoja, kisha gawa mara mbili mara mbili

Tutumie mfano wa eneo chini ya e^(-x²) kutoka 0 hadi 1. Hii haina fomula ya kawaida ya kuikokotoa moja kwa moja, kwa hiyo ni kazi halali ya trapeza. Jibu lake ni 0.7468241, liweke pembeni la kujipimia.

Kipande 1 kinatoa 0.6839397, viwili 0.7313703, vinne 0.7429841. Usiruke kutoka 4 kwenda 6 au 10, gawa kati kwa kati tu, kwa sababu ukifanya hivyo pointi zote za zamani zinabaki palepale na unahesabu za katikati peke yake. Trapeza mpya ni nusu ya ile ya zamani, ukiongeza jumla ya pointi mpya mara upana mpya. Kwa kifupi, hadi vipande 4 umeiita f mara 5 tu, hakuna pointi iliyohesabiwa mara mbili.

```python
from math import exp

def f(x):
    return exp(-x*x)

a, b, n = 0.0, 1.0, 1
h = b - a
T = [h*(f(a) + f(b))/2]
for k in range(2):
    mpya = sum(f(a + (i + 0.5)*h) for i in range(n))
    T.append(T[-1]/2 + h*mpya/2)
    h, n = h/2, 2*n
```

Wengine watakwambia ufanye kwenye Excel. Mimi sipendi, ukikosea kuburuta seli moja hutaiona hadi mwisho. Ila kikokotoo na karatasi viko poa kabisa, na kwa mtu anayejifunza ndo bora zaidi.

Hatua ya 2: Ongeza theluthi ya ulichotembea

Kosa la trapeza kwenye mchoro laini linakwenda na mraba wa upana wa kipande. Ukipunguza upana nusu, kosa linabaki robo. Sasa fikiria ulikuwa mbali na jibu kwa hatua 4, ukagawa vipande, sasa uko mbali kwa hatua 1. Umetembea 3, umebakiza 1. Yaani kilichobaki ni theluthi ya ulichotembea, na ulichotembea unakijua, ni tofauti ya trapeza mbili! Basi iongeze hiyo theluthi, na hii ndo njia ya Richardson:

```
R = T_mpya + (T_mpya - T_ya_zamani)/3
```

Kwenye mfano wetu, kutoka vipande 2 kwenda 4 tumetembea 0.0116138, theluthi yake 0.0038713, tukiongeza kwenye 0.7429841 tunapata 0.7468554. Kosa lilikuwa karibu 0.0038, sasa ni 0.00003. Hatujaita f hata mara moja zaidi.

Hatua ya 3: Rudia juu yake, safari hii kwa 15

Fanya hivyohivyo kwa kipande 1 na 2, unapata 0.7471804. Sasa una R mbili. Kosa la R linakwenda na upana kipeo cha 4, kwa hiyo ukigawa nusu linabaki moja ya kumi na sita, unatembea 15 unabakiza 1. Tofauti ya R mbili gawanya kwa 15, ongeza kwenye R mpya (hapa tofauti ni hasi, jibu litashuka): 0.7468337. Kosa limebaki kama 0.00001. Kwa trapeza tupu ungehitaji vipande kama 80 kufika hapo, sisi tumetumia pointi 5.

Ukiendelea hivyo kwa 63, 255 na kuendelea, hiyo ngazi yote ndo inaitwa Romberg, ya mwaka 1955. Wazo lenyewe la Richardson ni la 1911. Mimi binafsi huishia kwenye 15, mara chache sana nikafika 63.

Hatua ya 4: Angalia uwiano KABLA hujaongeza chochote

Ndiyo, nimeiweka ya nne ila kiukweli ifanye kabla ya ya 2. Nimeiacha huku kwa sababu bila kuona theluthi inatoka wapi hutaelewa kwa nini naisumbukia.

Miaka kadhaa nyuma sheli moja waliomba jedwali la kijiti cha kupimia mafuta, kwamba ukichovya kijiti na mafuta yakafika sentimita fulani, ndani kuna lita ngapi. Tenki ni mduara uliolazwa, nusu kipenyo mita 1, urefu mita 3. Upana wa uso wa mafuta kwenye kina y ni 2√(2y − y²), unajumlisha upana huo kutoka chini hadi kina unachotaka, unazidisha kwa urefu. Rahisi. (Najua kuna fomula ya duara kwa hili, ila tenki halisi lina vichwa vilivyobinuka na nilitaka njia moja ya kufanyia vyote.)

Nikapiga vipande 8 hadi kina cha mita 1, nikaongeza theluthi yangu kwa raha zangu, nikapata lita 4,682. Sasa tenki likiwa nusu jibu halihitaji hesabu ngumu, ni nusu ya mduara, π/2 mara 3, lita 4,712. Zimepotea lita 30. Nikadhani nimekosea kodi ya programu. Nikaisoma mstari kwa mstari, nikaiandika upya, nikabadilisha lugha, nikalala saa tisa usiku, asubuhi bado lita 30 hazipo. Kodi haikuwa na shida yoyote.

Shida ni pale chini kabisa ya tenki. Kwenye y = 0 upana unaanza sifuri na kupaa wima kabisa, kama ukuta, ndivyo kipeuo cha pili kinavyoanza. Mstari ulionyooka wa trapeza hauwezi kufuata ukuta, na kile kipande cha kwanza kinabeba kosa lisilofuata mraba. Hapo kosa linakwenda na upana kipeo cha 1.5, ukigawa nusu halibaki robo, linagawanyika kwa 2.83 hivi. Mimi nilikuwa naongeza theluthi wakati kilichobaki kilikuwa zaidi ya nusu ya nilichotembea.

Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Chukua trapeza tatu zinazofuatana, gawa tofauti ya kwanza kwa ya pili. Kwa tenki, vipande 2, 4 na 8 vinatoa 1.3660, 1.4979 na 1.5449, tofauti 0.1318 na 0.0471, uwiano 2.80. Kwa e^(-x²) uwiano ni 4.08. Ukiona karibu na 4, ongeza theluthi kwa amani. Ukiona 2.8, simama.

Ukisimama una njia mbili. Ya kwanza, kubali uwiano halisi. Badala ya kugawa kwa 3 gawa kwa 1.83, yaani 2.83 ukitoa 1. Kwa tenki, 1.5449 ukiongeza 0.0471/1.83 unapata 1.5706, ambayo ni lita 4,712, imepungua kama nusu lita tu kwa pointi zilezile. Ila hii inatosha kwa ngazi moja tu, ukitaka kupanda tena ile 15 haifai, vipeo vinavyofuata navyo vimehama.

Ya pili ndo naipenda mimi. Ondoa ukuta wenyewe kwa kubadilisha kigezo, weka y = t². Hesabu inageuka kuwa eneo chini ya 4t²√(2 − t²) kutoka 0 hadi 1, mchoro laini usio na ukuta popote, na theluthi na 15 zinafanya kazi kama kawaida. Kwa pointi 5 tu napata 1.5704, lita 4,711. Angalizo, mipaka nayo inabadilika, kina cha sentimita 49 kinakuwa t = 0.7, na nimeona watu wakisahau hilo wakalaumu njia. Juu ya nusu usiendelee na t hadi kileleni, kule juu kuna ukuta mwingine, hesabu sehemu tupu na uitoe kwenye tenki zima.

Uwiano ukija mkubwa sana, labda 20 au 100, usiongeze pia. Hiyo hutokea kwenye mchoro unaojirudia, ukijumlisha mzunguko mmoja mzima. Pale trapeza tupu inakimbia kuliko kawaida, na theluthi inachukua jibu zuri inalirudisha nyuma. Ukija unarukaruka, leo 3 kesho hasi, mara nyingi tofauti zako zimekuwa ndogo kuliko desimali ulizobakiza, au namba zako ni vipimo vya uwanjani vyenye makosa yake. Bakiza desimali zote hadi mwisho, na kama ni vipimo vya futi kamba hakuna fomula itakayovisafisha.

Hatua ya 5: Jua kama inatosha

Linganisha namba mbili za mwisho kwenye ngazi. Kwa e^(-x²) R yetu ni 0.7468554 na iliyofuata 0.7468337, zinapishana kwa 0.00002, basi naamini desimali nne. Unataka zaidi, gawa vipande mara moja tena, pointi 4 mpya, urudie.

Halafu kwa wanaouliza kuhusu `scipy.integrate.romberg`, kwenye matoleo mapya ya SciPy imeshaondolewa, ukinakili kodi ya zamani itakugomea. Ile loop yangu ya juu inakutosha, na dogo wa vipande 64 ameshanitumia daftari jipya, nusu ukurasa, uwiano umezungushiwa kalamu nyekundu.