Neno la shukrani kwa kamati ya harusi: namna ya kuliandaa

Haya nayaandika baada ya kumsaidia baba mdogo wa bwana harusi mmoja hapa Dar. Kamati ilikuwa imekaa vikao vya kila Jumapili kwa miezi kadhaa, naye akapewa neno la shukrani siku mbili kabla ya sherehe.

Hatua ya 1: Jua unasemea wapi

Shukrani za ukumbini si zile za siku ya kuvunja kamati. Kwenye kuvunja kamati mko wenyewe kwa wenyewe, mweka hazina anasoma mapato na matumizi, na hata waliotoa ahadi wakaingia mitini wanaweza kutaniwa. Ukumbini wapo wakwe. Humo hesabu hazitajwi, wala nani alitoa ngapi, wala deni lililobaki. Hapa nazungumzia za ukumbini.

Hatua ya 2: Orodha ya majina

Usianzie kwenye grupu la WhatsApp. Kule katibu hubandika orodha ya ahadi na malipo, kwa hiyo utakachokiona ni wachangiaji na wasemaji wakubwa. Aliyebeba kreti za soda hayumo. Baba mdogo alikuja na orodha iliyotoka huko, na ilikuwa ya wenye michango mikubwa watupu.

Chukua daftari la mihutasari, pitia kamati ndogo moja moja: fedha, ukumbi na mapambo, chakula, vinywaji, usafiri, mapokezi. Kila mkuu wa kamati ndogo mpigie simu, umuulize swali moja tu: nani alifanya kazi na si mjumbe? Hapo ndipo wanapotokea watu wenyewe. Kwetu alitokea jirani aliyetoa uwanja wake magari yaegeshwe, kijana aliyesambaza kadi kwa bodaboda kuanzia Mbagala hadi Bunju, na kina mama waliopikia wageni waliofikia nyumbani. Chakula hicho hakimo kwenye bajeti ya ukumbi, kwa hiyo mkuu wa kamati ya chakula mwenyewe hakuwakumbuka mpaka alipoulizwa mara ya pili.

Sasa punguza. Majina yasizidi tisa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wakuu wa kamati ndogo (wa fedha mara nyingi ndiye mweka hazina). Wengine wote wataje kwa kazi yao, kundi zima lisimame. Ukimtaja mjumbe mmoja wa vinywaji asiye mkuu, basi wajumbe wote wa vinywaji wanakudai. Ama wote, ama asiwepo hata mmoja.

Mambo matatu ya kuangalia humo humo. Mkuu aliyejitoa katikati: muulize mwenyekiti kabla hujaandika, maana huenda hawasalimiani. Mjumbe aliyefariki kabla ya harusi: waombe ruhusa watu wake, umtaje mwanzoni kwa sentensi moja, kabla ya vicheko. Na jina litakalosomwa liwe lile analoitwa vikaoni. Kama watu wanamjua kwa jina la mwanawe wa kwanza, jina la kwenye kitambulisho litafanya ukumbi mzima ugeuke kutafuta ni nani huyo.

Kamati ya sendofu ni ya upande wa bibi harusi. Ipe sentensi yake, usiichanganye na yenu.

Hatua ya 3: Andika

Kila jina lipewe jambo moja ambalo watu waliliona. "Amejitoa kwa hali na mali" inamfaa kila mtu, kwa hiyo haimfikii yeyote. Yetu ilikwenda hivi:

"Mwenyekiti wetu, kikao cha kwanza tulikuwa watu sita na mvua inanyesha. Ukasema tuanze. Katibu, simu zako za saa tatu usiku tulizikwepa, leo tunakushukuru kwazo. Kina mama mliopika nyumbani tangu Alhamisi, simameni tuwaone. Dada zangu, vigelegele!"

Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Hatua ya 4: Ongea na mshereheshaji mapema

Ratiba nyingi huliweka neno hili mwisho kabisa, wakati wahudumu wanapanga viti na nusu ya wageni wako kwenye magari. Mimi huomba liingie zawadi zikiisha tu, kabla dijei hajafungua muziki. Mwombe pia awaite wanakamati waingie ndani dakika chache kabla. Wa usafiri wako nje na madereva, wa vinywaji wako stoo, na ukiwashukuru hawapo, makofi yanapigiwa viti.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Soma kwenye karatasi, kwa maandishi makubwa. Simu hujizima katikati ya jina la mtu, au hupigiwa na mgeni aliyepotea njia. Ukimaliza, mkabidhi mshereheshaji kipaza sauti mkononi. Ukikiacha mezani, kuna mjomba atakiokota "aongeze kidogo tu".