Somo: Kupasha maziwa ya mtoto, na kwa nini maikrowevu haifai

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika lote hapa.

Kwanza, si lazima kupasha. Mtoto mwenye afya anaweza kunywa maziwa yaliyopoa, hata yaliyotoka kwenye friji akiyakubali. Tunapasha kwa sababu wengi hupenda joto la mwili, yaani nyuzi 37 hivi. Usipite 40.

1. Nawa mikono.

2. Maziwa ya mama yaliyoganda yayeyushe kwanza, ndani ya friji.

3. Mimina maji ya moto kwenye bakuli. Yawe ya moto lakini yasichemke, na yasifike shingoni mwa chupa.

4. Simamisha chupa humo dakika chache, isizidi 15, kwa sababu maziwa yakikaa vuguvugu muda mrefu bakteria huzaliana.

5. Zungusha chupa polepole, kisha dondoshea matone upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo soma taratibu.

Usiku mmoja niliweka chupa ya mililita 120 kwenye maikrowevu. Nilipoitoa niliishika, nikaiona vuguvugu, nikampa mtoto moja kwa moja. Alivuta mara moja akapiga ukelele, na kesho yake kaakaa lake lilikuwa jekundu. Baadaye nilirudia jambo lilelile bila mtoto, nikiwa na kipimajoto. Maziwa ya chini yalikuwa nyuzi 31, ya juu 56. Nilipoyazungusha vizuri yakawa 42 yote. Chupa niliyoishika haikuniambia lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo ONYO: usipime kwa kushika chupa. Usidondoshe kabla ya kuzungusha. Tone likikaa mkononi bila kuhisi joto wala baridi, mpe. Ukihisi joto hata kidogo, subiri upime tena.

6. Kilichobaki chupani baada ya mtoto kunyonya, usikirudishe friji ukakipasha tena. Mate yake yameshaingia humo. Maziwa ya unga yamwage saa moja ikipita tangu aanze kunyonya, ya mama saa mbili baada ya kumaliza.

MASWALI

Mama Pacha: Sekunde kumi tu kwenye maikrowevu zina shida gani?

Jibu: Soma hatua ya 5.

Mama Pacha: Nimesoma. Mimi nafanya kila siku na hakuna kilichotokea.

Jibu: Sekunde kumi za chupa iliyojaa si sekunde kumi za chupa ya nusu. Maziwa yakipungua huwaka zaidi kwa muda uleule. Siku utakayosahau kuzungusha, mtoto ndiye atakayekuambia.

Baba Neema: Naomba kuelewa, dada. Mbona chupa inabaki baridi wakati maziwa yanaunguza?

Jibu: Umeuliza vizuri, kaka. Mawimbi ya maikrowevu hupita kwenye plastiki au kioo karibu bila kuvipasha, ila maji yaliyo ndani ya maziwa huyanywa. Chupa hupata joto lake baadaye, kutoka kwenye maziwa. Tena mawimbi yale hugonga kuta yakarudi na kukutana, hivyo pako mahali yana nguvu na mahali pengine ni dhaifu, sentimita chache tu kando. Sahani inayozunguka husaidia lakini haimalizi tatizo. Maziwa yaliyopata moto huwa mepesi, hupanda juu na kutulia pale karibu na chuchu. Wewe unashika chini.

Baba Neema: Basi nikizungusha vizuri, tatizo limekwisha?

Jibu: La kuungua linapungua sana. Lakini maziwa ya mama yaliyopita kwenye kile kipande cha moto mkali yameshapoteza sehemu ya kinga zake, na kuchanganya hakuzirudishi. Bakuli halichomi hivyo.

Mgeni: Kwenye kopo la unga nimesoma nyuzi 70, wewe unasema 37. Nani mwongo?

Jibu: Hakuna. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kuchanganyia unga yasipungue nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe si tasa na unaweza kuwa na bakteria aitwaye Kronobakta. Ukishachanganya, poza chupa kwenye maji baridi hadi 37, kisha mpe. 70 ni ya kuua, 37 ni ya kunywa.

Shangazi: Wa kwangu anakataa chupa ya baridi kabisa. Safarini napata taabu.

Jibu: Shangazi, mshushie joto kidogo kidogo kwa siku kadhaa, wengi huzoea. Na safarini beba maji ya moto kwenye chupa ya chai, umimine kwenye kikombe kipana, uzamishe chupa humo.

Shangazi: Kikombe nilikuwa sijakifikiria. Nitakijaribu kesho.