Meideni na daki: jinsi ya kuzifuata ukisikiliza kriketi redioni

Nimekuwa nikimfundisha shemeji yangu kufuata kriketi redioni. Ova, wiketi na vibao vya kuvuka mpaka alivielewa upesi. Kilichomkwamisha ni swali moja, nalo naona linawakwamisha wengi: mtangazaji kasema ova hii ni meideni, yaani mrushaji hajaruhusu mkimbio, mbona jumla ya timu imepanda kwa mikimbio mitatu? Na huyu mpigaji aliyetoka kwa daki, yaani akiwa na sifuri, si tumemsikia akikimbia?

Kila istilahi ninaiandika jinsi inavyosikika sikioni, kwa kuwa redioni huna kioo cha kuisoma.

Hatua ya 1: Karatasi na penseli

Weka simu pembeni. Kurasa za matokeo mtandaoni haziendi sambamba na redio. Mara zinatangulia, mara zinachelewa, na anayejifunza huishia kuoanisha mpira anaousikia na namba za mpira mwingine. Karatasi itakutosha. Penseli ni bora kuliko kalamu, na sababu yake utaiona katika hatua ya 3.

Hatua ya 2: Chora safu tatu

Ya kwanza ni ya timu, ya pili ya mrushaji, ya tatu ya mpigaji. Katika kriketi hizi ni hesabu tatu tofauti. Mkimbio unaweza kuingia kwa timu usiingie kwa mpigaji wala usihesabiwe dhidi ya mrushaji. Meideni ni sifuri katika hesabu ya mrushaji. Daki ni sifuri katika hesabu ya mpigaji. Mtangazaji akitaja mojawapo, tazama safu yake tu, jumla ya timu iache kwanza.

Hatua ya 3: Ijue mipira inayoharibu meideni na isiyoiharibu

Ova moja ni mipira sita halali kutoka kwa mrushaji mmoja. Mpira ambao haukuleta mkimbio huitwa doti. Doti sita mfululizo ni meideni, na hapo hakuna wa kubisha. Utata huja na mikimbio ya ziada, ile ambayo haikutokana na gongo. Iko ya aina nne utakazozisikia kila mara, nazo zinagawanyika mawili mawili.

Waidi na noboli ni makosa ya mrushaji. Waidi ni mpira uliorushwa mbali na mpigaji kiasi kwamba hawezi kuufikia kwa pigo la kawaida. Noboli ni mpira uliorushwa kinyume cha kanuni, mara nyingi kwa sababu mguu wa mbele umevuka mstari. Kila mmoja huipa timu mkimbio mmoja, mkimbio huo huandikwa dhidi ya mrushaji, na mpira hurudiwa. Kwa hiyo waidi moja tu inaua meideni, hata kama mipira mingine yote sita ilikuwa doti. Dalili yake redioni ni kwamba ova inarefuka: ukihesabu mipira saba katika ova moja, jua humo kuna waidi au noboli, na hakuna meideni.

Bai na legibai ni habari nyingine. Bai ni pale mpira unapompita mpigaji bila kugusa gongo wala mwili, mlinda wiketi akaukosa, wapigaji wakakimbia. Legibai ni pale mpira unapogonga mwili wa mpigaji, mara nyingi pedi ya mguuni, kisha wakakimbia. Mikimbio hii huingia kwa timu. Mrushaji haandikiwi kitu, kwa kuwa hakupigwa wala hakurusha mpira mbovu kiasi cha kuadhibiwa. Ova yenye legibai nne ndani yake inaweza kubaki meideni safi. Mkimbio huo pia hauandikwi kwa mpigaji, ingawa ndiye aliyekimbia. Legibai peke yake inajibu maswali yote mawili ya shemeji yangu.

Sasa sababu ya penseli. Mpira unaopita karibu na mguu kwa kasi huwa vigumu kujua kama umegusa gongo au pedi. Mwenye kauli ni mwamuzi, naye huinua mguu na kugusa goti kuonyesha legibai. Redioni humwoni. Mtangazaji anaweza kusema "mkimbio mmoja", halafu baada ya mipira miwili akasahihisha kwamba ilikuwa legibai. Au akatangaza meideni, kisha akaifuta kwa kuwa mpira uligusa glovu iliyoshika gongo. Glovu hiyo huhesabiwa kama sehemu ya gongo, na mkimbio unakuwa wa mpigaji. Kwa hiyo usikiapo mpira ulioelekea mguuni, weka alama ya kuuliza usubiri. Mwisho wa ova mtangazaji husoma hesabu ya mrushaji, na hiyo ndiyo unayopaswa kuiamini.

Tuchukue ova moja, mpira kwa mpira. Timu ina 41 kwa wiketi mbili, yaani mikimbio 41 na wapigaji wawili wameshatolewa. Mpigaji mmoja, tumwite A, ameingia sasa hivi na ana sifuri. Mwenzake B anakaribia kukabili mpira. Mrushaji ana ova tano, meideni moja, mikimbio 18, wiketi hana.

Mpira wa kwanza unagonga pedi ya B, wanakimbia legibai moja. Timu 42, na A sasa ndiye anayekabili. Wa pili, A anauzuia: doti. Wa tatu unampita A na mlinda wiketi pia, wanakimbia bai mbili. Timu 44, na kwa kuwa wamekimbia mara mbili, A amerudi upande uleule. Wa nne doti, wa tano doti. Wa sita unampita A na kuangusha vijiti. A yuko nje.

Timu imetoka 41 hadi 44, na wiketi ni tatu. Mrushaji amefikisha ova sita, meideni mbili, mikimbio ileile 18, wiketi moja. Ova ya namna hii utasikia ikiitwa wiketi-meideni. A amekimbia mara tatu ndani ya ova hiyo, lakini gongo lake halikuleta chochote, hivyo ametoka kwa daki.

Badili kitu kimoja. Tuseme kabla ya ile doti ya mwisho mrushaji alirusha waidi. Timu inamaliza na 45, mrushaji ana mikimbio 19, na meideni yake inabaki moja. Hesabu ya A haiguswi, bado ni daki. Rudia mfano huu kwa penseli yako mwenyewe kabla ya kusikiliza mechi. Ukiuelewa, sehemu ngumu imekwisha.

Yako mambo mawili madogo hapa. Ova isiyokamilika si meideni. Zamu ya timu ikimalizika baada ya mipira mitatu, au mrushaji akaumia na mwenzake akaimalizia ova, hakuna anayeandikiwa. Na mpigaji akitolewa kwa kukimbizwa, yaani vijiti vikaangushwa kabla hajafika alikokimbilia, wiketi hiyo si ya mrushaji, ingawa ova inaweza kubaki meideni.

Hatua ya 4: Daki na ndugu zake

Mpigaji aliyetolewa akiwa na sifuri ametoka kwa daki. Neno muhimu hapo ni "aliyetolewa". Wachezaji kumi wakitolewa, wa kumi na moja anabaki uwanjani bila mwenzake na zamu inaisha. Kama alikuwa na sifuri, huandikwa sifuri, noti auti. Hiyo si daki.

Watangazaji hupenda kueleza daki ilikuja baada ya mipira mingapi. Akitolewa kwa mpira wa kwanza aliokabili, ni goldeni daki. Akitolewa kabla hajakabili mpira hata mmoja, wengi huiita daimondi daki. Mara nyingi ni mtu aliyekimbizwa akiwa upande wa pili, mwenzake ndiye anayepiga. Baadhi ya watangazaji hulitumia jina hilo la daimondi kwa namna nyingine, basi sikiliza maelezo yanayofuata. Kumbuka pia kwamba waidi haihesabiwi kama mpira uliokabiliwa: mtu akiletewa waidi kwanza, kisha akatolewa na mpira unaofuata, bado ni goldeni daki. Katika mechi ambazo kila timu hupiga mara mbili, mpigaji mwenye daki katika zamu zote mbili amepata peya.

Daki inayotajwa kuliko zote ni ya Don Bradman wa Australia, uwanja wa The Oval, London, mwaka 1948. Ilikuwa zamu yake ya mwisho katika mechi za Testi, zile ndefu za kimataifa, na mikimbio minne tu ingempa wastani wa 100 kamili. Eric Hollies alimtoa kwa mpira wa pili, na wastani ukabaki 99.94. Kwa kuwa ulikuwa mpira wa pili, ile ni daki, goldeni si yake.

Hatua ya 5: Soma hesabu ya mrushaji ikitajwa kwa namba nne

Namba hutajwa kwa mpangilio usiobadilika: ova, meideni, mikimbio, wiketi. Mtangazaji mwenye haraka hatataja majina, atazimimina namba tu. Mfano ninaoupenda kwa zoezi ni wa Frank Nsubuga wa Uganda, dhidi ya Papua New Guinea, katika Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024: 4-2-4-2. Asiyejua mpangilio hatoki na chochote hapo. Anayejua anasikia ova nne, meideni mbili, mikimbio minne, wiketi mbili. Yaani nusu ya ova zake hazikutoa mkimbio wowote dhidi yake, na mbili zilizobaki zilitoa minne kwa pamoja. Katika mchezo wa ova 20, ambako wapigaji hushambulia karibu kila mpira, hata meideni moja ni adimu.

Ndiyo maana kwa mazoezi ya sikio naishikilia Testi, ile mechi ya siku tano. Humo mpigaji hana haraka, meideni huja nyingi, na utapata nafasi ya kuweka alama na kusahihisha kabla mambo hayajakimbia. Jihadhari na jambo moja tu: watangazaji wa Australia hutanguliza wiketi wanaposoma jumla ya timu. Pale wengine wanaposema 44 kwa tatu, wao watasema tatu kwa 44.