Jokofu la matofali na mchanga: jinsi ya kulijenga kwa ajili ya biashara ya mboga za majani

Mwaka jana kiangazi kilipokolea hapa Dodoma, jirani yangu anayeuza mchicha na matembele alikuwa akimwaga mafungu kumi hadi kumi na tano kila jioni. Hata mbuzi walikuwa wameyachoka. Tukajenga jokofu la matofali nyuma ya banda lake, na sasa anamwaga mawili au matatu. Wengi wameniuliza tulivyofanya, kwa hiyo naandika mara moja.

Ubunifu huu si wangu. Ulitoka India miaka ya 1980, katika taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoko Pusa, Delhi. Ni kuta mbili za matofali zenye mchanga katikati. Unamwagia mchanga maji, maji yanapenya hadi kwenye tofali la nje, upepo unayakausha, na yanapokauka yanaondoka na joto. Ni kazi ileile ya mtungi wa bibi uliokaa kivulini.

Hatua ya 1: Pima hewa kabla ya kununua hata tofali moja

Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima na pesa za watu, nivumilie nikieleza kwa kirefu.

Baada ya Dodoma nilijiona fundi. Dada yangu yuko Pangani, akaniomba nimjengee la kwake. Nikajenga vizuri kuliko la kwanza. Siku ya tatu mchicha ukaanza kunata na kutoa harufu, nyanya zikaota ukungu kwenye kikonyo. Nikamwaga maji zaidi, nikidhani mchanga umekauka, na hali ikazidi kuwa mbaya. Tatizo lilikuwa hewa. Pwani hewa imeshashiba maji, haina nafasi ya kupokea mengine. Tofali linabaki limelowa tu, na kitu kilicholowa bila kukauka hakipoi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kizungushie kitambaa cha pamba kwenye ncha ya chini, kiloweshe kwa maji yasiyo ya baridi, kisha kipepee kwa kipande cha boksi kwa dakika tatu hivi, mpaka namba iache kushuka. Vyote viwe kivulini, saa 8 mchana. Andika tofauti.

Kwetu mwezi wa Oktoba kikavu kilisoma nyuzi 31, cha kitambaa 20. Tofauti ni 11. Jokofu zuri hushuka kama robo tatu ya tofauti hiyo, yaani nyuzi 8, kwa hiyo nilitegemea 23 ndani, na ndivyo ilivyokuwa. Pangani, nilipokuja kupima baada ya aibu, kikavu kilisoma 30 na cha kitambaa 26 na nusu. Robo tatu ya tatu na nusu haifiki hata nyuzi tatu. Kwa faida hiyo, bora kivuli na upepo vikutoshe.

Mimi sasa, tofauti ikiwa chini ya 5 sijengi. Kuanzia 8 kwenda juu najenga bila wasiwasi. Katikati hapo, pima siku kadhaa, na usipime siku moja baada ya mvua halafu ukaamini jibu. Pia usipime asubuhi: hewa ya asubuhi ina unyevu mwingi hata Dodoma, na itakudanganya kwamba mahali hapafai.

Hatua ya 2: Anza na kreti, siyo na tofali

Vipimo vya awali vya wenzetu wa India ni sentimita 165 kwa 115 kwa nje. Nilivifuata kama amri. Tulipomaliza, nafasi ya ndani ikawa na upana wa sentimita 56, na kreti zetu za plastiki ni 60 kwa 40. Ndani ikaingia safu moja tu ya kreti mahali nilipotaka mbili. Tukabomoa.

Kreti mbili zikikaa ubavu kwa ubavu ni 80 kwa 60. Ongeza nafasi ya vidole pande zote, upate ndani 90 kwa 70. Kwa matofali ya kuchoma yenye upana wa 11 na pengo la mchanga la 7 na nusu, nje inakuwa 149 kwa 129. Kimo cha kozi tisa kinatosha kreti mbili juu kwa juu, kwa hiyo jumla ni kreti nne. Nunua matofali 480, maana mengine yatavunjika. Mchanga wa kwenye pengo ni ndoo kumi na moja za lita 20.

Hatua ya 3: Matofali na mchanga

Tofali libebe maji. Lidondoshee tone: likinywa papo hapo, chukua, tone likikaa juu kama kwenye kioo, limeungua kupita kiasi, mwachie muuzaji. Tofali la saruji sitaki hata kulisikia kwa kazi hii. Mchanga uwe wa korongo, uliooshwa. Wenye udongo mfinyanzi huziba, maji yakabaki juu.

Hatua ya 4: Jenga

Chini ya kivuli, mahali palipoinuka na penye upepo. Panga sakafu, pandisha kuta mbili, jaza mchanga kila baada ya kozi mbili. Usitumie saruji kwenye viungo. Tope jepesi linatosha. Mfuniko ni fremu ya fito iliyoshonewa gunia. Kivuli kiwe cha nyasi, na kuta zisizibwe hata upande mmoja.

Hatua ya 5: Maji

Siku ya kwanza mwagia mpaka mchanga ushibe. Baada ya hapo ndoo moja asubuhi, moja jioni, na gunia la mfuniko liloweshwe pia. Kwetu visima vingi vina chumvi. Ukiona unga mweupe kwenye tofali la nje, vitundu vinaziba. Sugua kwa brashi ngumu, na ukipata maji ya mvua yahifadhi kwa kazi hii.

Maji yasidondokee kwenye mboga. Vitunguu na vitunguu saumu visiingie kabisa, vinataka pakavu. Ndizi na maembe yanayoiva usiyaweke na mchicha, majani yatageuka manjano.

Hatua ya 6: Hesabu ya pesa

Sisi tulitumia shilingi 192,000: matofali 72,000, kreti nne 60,000, mchanga na usafiri 10,000, kivuli 50,000. Kazi tulifanya wenyewe.

Wazo la kwanza lilikuwa kukodisha, shilingi 500 kwa kreti kwa usiku. Jirani akitumia moja na kukodisha tatu, anapata 1,500, akitoa 200 ya maji zinabaki 1,300. Hiyo ni siku 148 kurudisha mtaji, na kreti zijae kila usiku. Kiangazi chetu ni cha Mei hadi Novemba, na mvua zikishaanza jokofu linapoteza nguvu. Sehemu kubwa ya msimu inaishia kulipa deni.

Akitumia mwenyewe, mafungu kama kumi anayookoa kwa shilingi 300 kila moja ni 3,000. Ukitoa maji, siku 69 zinatosha. Kwa hiyo namshauri anayeuza mboga ajenge la kwake. Anayetaka kuwa mkodishaji tu, asubiri kwanza aone majirani wakimwomba nafasi.