Unapiga mswaki na harufu haiishi: tafuta inakotoka kabla ya kununua dawa

Nafanya kazi katika chumba cha meno cha kliniki moja huku Eastlands. Juzi nilimpokea mama wa miaka 36 kutoka Kariobangi ambaye hupiga mswaki mara tatu kwa siku, na bado watoto wake humgeuzia uso akiwasemesha. Alikuwa ameshamaliza dozi mbili za dawa za vidonda vya tumbo, ilhali hajawahi kuumwa na tumbo wala kusikia kiungulia. Aliambiwa tu kwamba harufu kama hiyo lazima inatoka tumboni.

Mara nyingi haitoki huko. Umio hubaki umefunga, na hewa ya tumbo hupanda tu mtu anapocheua. Harufu nyingi huzaliwa mdomoni: kuna bakteria wanaoishi pasipo na hewa, wakila mabaki ya chakula, ngozi iliyokufa na damu, kisha wakitoa gesi za salfa zinazonuka kama yai viza. Wao hukaa pale mswaki usipofika, kwa hiyo kupiga mswaki mara nne badala ya tatu hakuwagusi. Kinachosaidia ni kujua wamejificha wapi.

Jipime saa nne hivi asubuhi, si unapoamka. Usiku mate hupungua na karibu kila mtu huamka akinuka; hiyo huisha ukinywa chai. Siku hiyo usile vitunguu, usivute sigara, wala usitafune peremende ya minti.

Hatua ya kwanza: mdomo au pua? Pua yako imeshaizoea harufu yako, kwa hiyo mwombe mtu unayemwamini. Ziba pua, pumua kwa mdomo, naye anuse akiwa umbali wa shubiri moja. Kisha funga mdomo upumue kwa pua. Ikinuka kwa mdomo pekee, endelea na hatua zifuatazo. Ikinuka kwa pua pekee, tatizo liko puani, muone daktari wa pua na koo. Ikinuka kote kuwili kwa kiasi kilekile, hata baada ya kinywa kusafishwa vizuri, hapo ndipo daktari wa kawaida anapaswa kuangalia mapafu, sukari, figo na ini.

Hatua ya pili: ulimi. Chukua kijiko cha plastiki, kipeleke nyuma kabisa kwenye ulimi, kwangua taratibu kuja mbele, subiri sekunde chache, nusa. Utando wa manjano wenye harufu ileile umekupa jibu. Kwangua hivyo kila usiku, mara nne au tano bila kukaza mkono. Ukitapika kidogo siku za mwanzo, toa ulimi nje zaidi na utoe pumzi unapokwangua.

Hatua ya tatu: katikati ya meno. Hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo iliyomfumbua macho yule mama. Nunua uzi wa meno, unapatikana kwenye supamaketi na maduka ya dawa. Upitishe kwenye pengo moja, uukumbatize kwenye ubavu wa jino hadi chini ya ukingo wa fizi, utoe, uunuse. Endelea na pengo linalofuata ukitumia kipande kipya cha uzi. Unatafuta pengo linalonuka kuliko mengine, au linalotoa damu.

Kwake mapengo ya mbele hayakuwa na neno. Tulipofika magego ya chini kulia, uzi ulitoka na damu, na akarudisha kichwa nyuma mwenyewe. Akasema, "Ndiyo hii. Ndiyo hii ninayosikia."

Nilipima pale kwa kijiti chenye alama za milimita. Fizi yenye afya huachia nafasi isiyozidi milimita 3 kati yake na jino. Yake ilikuwa 6. Hicho ni kimfuko ambacho unywele wa mswaki haufiki chini yake, na uzi nao haukimalizi. Ndani kulikuwa na ukoga mgumu kama jiwe, na ukoga wa namna hiyo hautoki kwa dawa yoyote ya kusukutua. Unakwanguliwa na mtu wa meno, chini ya fizi, wakati mwingine kwa ganzi. Tulimfanyia kwa siku mbili, upande mmoja kila siku. Wiki ya tatu harufu ilikuwa imepungua sana ila haijaisha. Iliyobaki ilitoka kwenye ulimi, akaanza kuukwangua. Wiki ya nane nilipima tena nikapata milimita 4 na hakuna damu. Atarudi kila baada ya miezi mitatu, maana kimfuko kama hicho hujaa tena kikiachwa.

Damu ikitoka msiache kupiga mswaki pale. Wengi huogopa na kukwepa upande huo, na fizi huzidi kuvimba.

Hatua ya nne: koo. Simama mbele ya kioo na tochi ya simu, sema "aaa". Tonsili zina vishimo, na humo uchafu hukusanyika ukawa punje nyeupe au za manjano. Ukiikohoa moja na kuiponda inanuka vibaya sana.

Hatua ya tano: mate. Ukishindwa kumeza biskuti kavu bila maji, au ulimi ukigandana na kaakaa, kinywa chako ni kikavu. Mate ndiyo yanayoosha kinywa mchana kutwa. Miraa, sigara, kulala mdomo wazi na dawa kadhaa, zikiwemo za mzio, huyapunguza.

Maswali ya wanachama

*Swali kutoka Kasarani: Punje za tonsili ninazo. Huwa nazichokoa kwa pini ya nywele. Kuna ubaya?*

Acha pini, dada. Tonsili ina mishipa mingi ya damu na hujeruhika upesi. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua hadi kooni baada ya kula. Nyingi hutoka zenyewe. Zikirudi kila wiki, au ukiwa na uvimbe wa upande mmoja tu, muone daktari wa koo.

*Swali kutoka Umoja: Natumia dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, mwezi wa tatu sasa. Meno yamekuwa ya kahawia.*

Hiyo rangi inatokana na dawa hiyo, ndugu. Kwa kawaida hutumika wiki mbili hivi, na si mara tu baada ya dawa ya meno kwa sababu hupunguza nguvu yake. Isimamishe. Rangi husafishwa kliniki. Kisha rudi hatua ya tatu, kwa sababu ulikuwa unafunika harufu.

*Swali kutoka Dagoretti: Dawa zangu za presha zinanikausha mdomo. Niziache?*

Usiziache, mzee wangu. Mwambie daktari aliyekuandikia, huenda akabadilisha aina au saa ya kumeza. Kwa sasa kunywa maji kidogo kidogo na utafune chingamu isiyo na sukari, huamsha mate.

*Swali kutoka Githurai: Na tumbo halihusiki kamwe?*

Huhusika kwa wachache: mwenye kiungulia cha mara kwa mara, anayepandwa na maji machungu hadi kooni, au anayerudisha chakula alichokula jana. Ukiwa na dalili hizo nenda ukapimwe. Kama huna, anza na uzi wa meno.

*Swali kutoka Kayole: Mtoto wangu wa miaka mitatu ananuka ghafla, na kamasi inatoka tundu moja la pua.*

Mama, mpeleke hospitali leo. Tundu moja linalonuka kwa mtoto mdogo mara nyingi lina kitu alichokisukuma ndani: haragwe, ushanga, kipande cha sponji. Usijaribu kukitoa kwa kibano, utakisukuma mbali zaidi. Na ukishuku ni betri ndogo ya saa au ya kichezeo, usingoje hata saa moja, inachoma ngozi ya ndani upesi.